Pedi au usukani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gemu za magari

Sebuleni kwangu Sakina, Arusha, kuna usukani wa Logitech G29 uliofungwa kwenye stendi ya chuma mbele ya runinga. Kila anayeukalia, awe kijana wa jirani au mfanyakazi mwenzangu, huamka na maswali yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, na marefu zaidi ni yale yanayowagharimu watu pesa.

Watu wanasema hii ni akedi, ile ni simulesheni. Tofauti yake hasa ni nini?

Tofauti haiko kwenye picha wala kwenye wingi wa magari. Iko kwenye tairi. Gemu ya simulesheni inapiga hesabu ya kila tairi kati ya manne: limebeba uzito kiasi gani sasa hivi, limeelekea wapi, limebakiza mshiko gani. Gari linakwenda kokote hesabu hiyo inakolipeleka, hata kama ni kwenye majani. Gemu ya akedi inatazama kwanza unachotaka wewe, halafu inalisaidia gari lifike huko.

Chukua kona kali yenye nusu kipenyo cha mita 30, kama ile unayoikuta mwisho wa barabara iliyonyooka kwenye viwanja vingi. Gari la kawaida lenye tairi nzuri kwenye lami kavu lina mshiko unaokaribia uzito wake lenyewe. Ukipiga hesabu, kasi ya juu kabisa ya kuipita kona hiyo ni kama kilomita 62 kwa saa. Sasa ingia na 70. Ni tofauti ndogo, kwenye dashibodi huioni. Lakini kwa kasi ya 70 na mshiko uleule, gari haliwezi tena kuzunguka kwa nusu kipenyo cha mita 30. Linahitaji karibu mita 39. Barabara haina hizo mita 9 za ziada, kwa hiyo pua inagoma kuingia, tairi za mbele zinalia, na unatoka nje huku usukani umeukata wote.

Kwenye akedi, kosa hilohilo linafunikwa. Gemu inaongeza mshiko kidogo, au inapunguza kasi bila wewe kuona, au inakuruhusu uguse breki na gari zima ligeuke kwa kuteleza vizuri kama limefungwa kamba katikati ya kona. Hakuna ubaya wowote hapo. Need for Speed imewapa watu raha hiyo tangu 1994, nami Most Wanted ya 2005 niliicheza mpaka diski ikachoka. Ila elewa kwamba kwenye akedi unacheza na mpangilio wa gemu, kwenye simulesheni unacheza na tairi.

Mbona Forza Horizon ina magari halisi na mlio wa injini halisi, na bado mnaiita akedi?

Kwa sababu gemu nyingi ziko katikati. Forza Horizon 5 ina hesabu ya tairi ya kweli chini yake, lakini imelegezwa ili uweze kukata shambani kwa kasi ya 200 na gari lisikushinde. Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, iko karibu zaidi na simulesheni, ingawa ukiwasha misaada yote ya kumrahisishia dereva hata mtoto wa darasa la tatu anamaliza mbio. Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos haikuonei huruma sana. Usihukumu kwa jina. Zima misaada, ingia kona moja kwa kasi iliyozidi kidogo, uone gemu inakufanya nini.

Nilijaribu usukani kwenye gemu ya kukimbizana na polisi, nikawa mzito kuliko nikiwa na pedi. Tatizo ni mimi?

Si wewe. Kijiti cha pedi kinatoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa kwa mwendo wa sentimita chache wa kidole gumba, chini ya nusu sekunde. Usukani wa G29 unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho. Gemu ya akedi imetengenezwa kwa kidole gumba. Inakurushia lori ghafla ikijua utalikwepa kwa kijiti, na mikono yako miwili haiwezi kuzungusha usukani kwa kasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ukicheza kwa pedi, gemu haipeleki kidole chako moja kwa moja kwenye tairi. Inalainisha. Ukiwa kwenye mwendo mkali inapunguza kiasi tairi zinavyokata, hata kama umekisukuma kijiti chote, na gari likianza kutupa mkia mara nyingi inarudisha usukani yenyewe. Ukichomeka usukani, sehemu kubwa ya ulinzi huo inaondoka. Ndiyo maana mtu anayeshinda kila siku kwa pedi anakaa kwenye usukani na kuzunguka kama pia kwenye kona ya kwanza.

Kama una usukani tayari na unataka kucheza akedi, punguza mzunguko wake hadi nyuzi 270 au 360 kwenye mipangilio. Inasaidia sana. Lakini kununua usukani kwa ajili ya akedi pekee sikushauri hata kidogo.

Usukani utaniongezea kasi?

Mwanzoni utakupunguzia. Nilijipima mwenyewe kwenye Gran Turismo 7, uwanja wa Tsukuba wa Japani, ambao una urefu wa takriban kilomita 2, kwa Toyota GR86 isiyoongezwa kitu. Kwa pedi, mzunguko wangu bora ulikuwa dakika 1 na sekunde 7.4. Usiku wa kwanza wa usukani sikupata chini ya 1:09, na mara nne niligonga ukuta wa tairi. Baada ya wiki mbili za kucheza saa moja kila jioni nilifika 1:07.1. Sehemu tatu za kumi za sekunde, basi.

Kilichobadilika ni kingine. Kwa pedi, mizunguko yangu kumi mfululizo ilipishana kwa zaidi ya sekunde nzima, maana kidole gumba hakijui kurudia kitu kilekile. Kwa usukani ilikuja kupishana kwa sehemu chache tu za sekunde. Sababu yake kubwa wala si usukani wenyewe. Ni pedali ya breki.

Jaribu kuiwazia kona ile ya kwanza ya Tsukuba. Unakuja kwa kasi inayopita 150. Unakanyaga breki kwa nguvu, uzito wote unakimbilia mbele, tairi za mbele zinashika kuliko wakati mwingine wowote. Hapohapo ukianza kukata, unaachia breki polepole, kidogo kidogo, huku usukani ukiongezeka. Ukiiachia ghafla, uzito unarudi nyuma na pua inakataa kuingia. Ukiing'ang'ania, mkia unakuwa mwepesi na gari linageuka likuonyeshe ulikotoka. Kazi hiyo ya kuachia polepole kwa muda wa sekunde moja na nusu, mguu unaiweza. Kidole cha shahada kwenye kitufe cha pedi chenye mwendo wa chini ya sentimita moja kinaiweza kwa bahati.

Halafu kuna kile ambacho mikono inakisikia. Ndani ya G29 kuna mota zinazousukuma usukani kwa kufuata hesabu ya tairi za mbele. Ukiingia kona usukani unakuwa mzito, unapambana nao. Tairi zikianza kupoteza mshiko, ule uzito unalegea ghafla mikononi, kama mtu aliyekuwa anavuta kamba upande wa pili ameiachia. Kwa pedi unagundua gari limeteleza ukiona picha imehama. Kwa usukani unagundua kabla. Hicho ndicho unachokilipia.

Kuna usukani wa bei ya chini sana, una pedali mbili na unatikisika. Si unatosha kuanzia?

Hapana, na hili nalisema kwa uchungu, maana nilianza na wa aina hiyo. Kutikisika si sawa na kusukumwa. Usukani usio na mota una springi au mpira ndani, unaorudisha katikati kwa nguvu ileile saa zote, uwe umesimama, uwe unaruka tuta, uwe umeteleza. Haukuambii lolote kuhusu tairi. Mingi ya aina hiyo inazunguka nyuzi 180 hadi 270 tu, kwa hiyo ukiugusa kidogo gari linakata sana. Wangu ulikuwa na vikombe vya kunyonyea meza, vikawa vinabanduka katikati ya kona. Baada ya mwezi nikarudi kwenye pedi, na ndiko nilikotakiwa kubaki mpaka pesa itimie. Pedi nzuri ni bora kuliko usukani usio na mota.

Ukiwa dukani, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: una adapta yake ya umeme? Mota zinahitaji umeme wa kutosha. Usukani unaotegemea waya wa USB peke yake, kwa bei hizo za chini, hauna mota ya maana.

Upi unakubali mashine yangu?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, hasa kwenye vitu vilivyotumika. G29 inakubali PS3, PS4, PS5 na kompyuta, na juu yake kuna swichi ya kuchagua. G920 inafanana nayo kwa umbo lakini ni ya Xbox na kompyuta; ukiipeleka kwenye PS4 haitafanya kitu. G923 ina matoleo mawili, moja la PlayStation na jingine la Xbox, kwa hiyo soma boksi. G27 ni usukani mzuri wa zamani, imara, na bado inafanya kazi kwenye kompyuta, ila PS4 na PS5 haziitambui. Kijana mmoja kutoka Moshi alinunua G27 kwa ajili ya PS4 kwa sababu muuzaji alimwambia zote ni Logitech. Ilibidi atafute kompyuta.

Upande wa Thrustmaster, T150 na T300 RS ni za PlayStation na kompyuta, na T300 inatumia mkanda badala ya meno ya gia, kwa hiyo ni laini na kimya zaidi. G29 ina meno ya gia. Ukipita kwenye matuta utasikia inagonga-gonga. Huo si ubovu.

Nimepata uliotumika. Niukague vipi kabla sijatoa hela?

Usinunue bila kuuchomeka. Uombe uwashwe mbele yako, pamoja na adapta yake, na geuza adapta usome maandishi ya INPUT. Yakisema 100-240V ni salama kwa umeme wetu wa 230. Yakisema 100V peke yake, ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na ukiichomeka ukutani itaungua.

Ukiwasha, usukani mzima unajizungusha wenyewe kushoto na kulia hadi mwisho, halafu unasimama katikati. Usipojizungusha, ama adapta ni mbovu ama mota zimekufa. Ukisimama pembeni badala ya katikati, au ukawa katikati kisha baada ya kuuzungusha kwa nguvu mara kadhaa ukahama, kuna kigurudumu kidogo cha sensa ndani ambacho huwa kinapasuka. Kinabadilishika, lakini lazima usukani ufunguliwe wote. Bei ishuke ipasavyo.

Kisha pedali. Kama kuna kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la Run na uandike:

```
joy.cpl
```

Chagua usukani, bonyeza Properties, uangalie mistari inayopanda unapokanyaga. Kanyaga polepole kabisa kutoka juu hadi chini. Mstari ukipanda bila kukatika, pedali ni nzima. Ukirukaruka, au ukibaki unatetemeka hata mguu ukiwa umeuondoa, kuna vumbi kwenye sensa. Pedali za G29 zina sensa za kuzunguka ambazo vumbi linaziingia, na sisi wa huku vumbi tunalijua. Tatizo hilo si la kuogopa. Fundi wa redio ana dawa ya kupulizia ya kusafishia sensa za namna hiyo, na ukipuliza kidogo ukakanyaga mara hamsini, mara nyingi mstari unatulia. Mimi nafanya hivyo kila Oktoba kabla ya mvua za vuli, na nafunika pedali kwa kanga zisipotumika.

Naufunga wapi? Meza yangu ni ya plastiki.

Basi shughulikia meza kwanza, maana usukani wenye mota utaitikisa meza ya plastiki mpaka runinga ihame. Vibanio vya G29 vinataka ubao mgumu usiotikisika. Ila kinachowashinda watu kuliko meza ni breki. Pedali ya breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani, ngumu makusudi, na ukiikanyaga kwa nguvu inayotakiwa mambo mawili yanatokea: pedali zinateleza mbele kwenye vigae, na kiti chako kinarudi nyuma. Kwa hali hiyo huwezi kujifunza ile breki ya kuachia polepole niliyoieleza.

Njia ya bure ni kuziegemeza pedali ukutani na kuweka kiti kisicho na magurudumu, mgongo wake ukiegemea kitanda au kabati. Mimi baadaye nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea mtaa wa Unga Limited, nikamchorea fremu ya vyuma vya bomba la mraba: sehemu ya pedali, nguzo ya usukani, na sehemu ya kufunga siti ya Toyota niliyoinunua kwa wauza spea. Kaa kwanza kwenye gari unalolizoea, pima kwa futi umbali wa kutoka siti hadi pedali na hadi usukani, ndipo umpe fundi vipimo. Mimi sikupima safari ya kwanza, goti likawa linagonga nguzo, tukakata na kuchomelea upya.

Bando na umeme je?

Gran Turismo 7 inataka intaneti karibu muda wote, hata ukicheza peke yako, kwa ajili ya kuhifadhi maendeleo yako. Mtandao ukikatika unabakiwa na sehemu ndogo tu ya gemu. Kuicheza hakuli data nyingi. Kinachomaliza bando ni kuipakua na masasisho yake, maana inazidi GB 100. Nunua diski kama mashine yako ina sehemu ya diski. Assetto Corsa haikusumbui hivyo; mbio za peke yako zinakwenda bila mtandao kabisa, na kwa mwenye kompyuta na bando la kupimia ndiyo ningemshauri aanze nayo.

Umeme ukikatika katikati ya mbio, chomoa adapta ya usukani ukutani kabla haujarudi.

Usukani utanifundisha kuendesha gari?

Utakufundisha kutazama mbali kwenye kona, kuhisi uzito unavyohama, na kugeuza usukani upande mkia unakokwenda gari likiteleza. Jann Mardenborough alishinda shindano la GT Academy la Nissan na Gran Turismo mwaka 2011, na mwaka 2013 alikuwa anashindana Le Mans kwenye gari la kweli. Lakini katikati walimweka kwenye mafunzo makali ya gari halisi. Hautakufundisha klachi inashikia wapi, wala bodaboda anayechomoza kutoka kulia pale Kilombero. Chuo cha udereva kiko palepale.

Napenda mbio za rali kuliko za lami. Usukani unafaa?

Unafaa kuliko kote. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na sisi tuliokulia kaskazini tunajua gari likipita kwenye changarawe linavyocheza. EA Sports WRC ya 2023 ina Safari Rally ya Kenya ndani yake, ila haipo kwa PS4. Kwa PS4 chukua DiRT Rally 2.0. Kwenye changarawe mkia unatoka kila kona, na mikono inasikia kila jiwe. Punguza mzunguko hadi nyuzi 540 hivi, kwa sababu huko unakata na kurudisha haraka.

Sasa, mimi ninunue au nisinunue?

Jipime kwa pedi uliyonayo. Kwenye Gran Turismo 7 ingia kwenye mipangilio ya misaada, zima Countersteering Assistance na Driving Line Assistance, weka Traction Control kwenye 0 au 1, ABS iache. Chukua gari moja la kawaida, uwanja mmoja, ucheze jioni kumi. Ukifika jioni ya kumi bado unataka kujua kwa nini kona ya tatu inakushinda, nunua G29 iliyokaguliwa, nawe utaitumia miaka. Ukiona umechoshwa siku ya tatu na unatamani kurudi kukimbizana na polisi mjini, hela hiyo nunulia gemu na pedi ya pili ili mcheze wawili.

Nimeununua. Nianze na mipangilio gani?

Kwenye Gran Turismo 7 kuna Force Feedback Max. Torque na Force Feedback Sensitivity, zote kutoka 1 hadi 10. Wengi wanapandisha ya kwanza hadi 10 wakidhani nguvu nyingi ndiyo uhalisia. Mota za G29 ni ndogo. Zikifika mwisho wa uwezo wake, kila kitu kinakuwa kizito kwa kiwango kimoja, na ule ulegevu wa tairi linapoteleza unapotea kabisa. Anza na 5 na 5. Ingia kona ndefu ile ya mwisho ya Tsukuba, ongeza usukani taratibu mpaka pua igome, usikilize mikono. Kama uzito unalegea kabla pua haijahama, uko sawa. Kama usukani unabaki mgumu tu mpaka unatoka nje, shusha Max. Torque namba moja, uingie tena.